Koli, puti, hisa na hatifungani: jinsi ya kulifanya swali la bei zisizokubaliana

Mitihani ikikaribia, picha ileile huingia kwenye simu yangu. Ukurasa wa swali umepigwa harakaharaka, kidole kimeziba kona, na chini yake ujumbe: "Mwalimu shikamoo. Hili naanzia wapi?" Anayetuma anaweza kuwa kijana wa Chuo Kikuu cha Dodoma, pale Chimwaga, anayesoma fedha, au mtu mzima wa ofisini hapa mjini anayejiandaa na mitihani ya uhasibu usiku. Swali halibadiliki, zinabadilika tarakimu tu. Wiki hii limekuja mara nne, nimeona niandike mara moja niwe natuma huu.

Swali lenyewe huwa hivi:

"Hisa ya kampuni inauzwa shilingi 4,000 leo. Koli ya Kiulaya ya mwaka mmoja juu ya hisa hiyo, yenye bei ya mkataba 4,200, inauzwa 520. Puti ya Kiulaya yenye bei ya mkataba ileile na muda uleule inauzwa 260. Hatifungani itakayolipa 100 baada ya mwaka mmoja, bila malipo yoyote katikati, inauzwa 90. Hisa haitoi gawio ndani ya mwaka huo. Je, kuna nafasi ya arbitraji? Kama ipo, onyesha jinsi ya kuichukua."

Tutalifanya hilohilo mpaka mwisho, halafu tutalibadilisha kidogokidogo tuone linavunjikia wapi.

## Kabla hujaanza

Hakikisha maneno manne yamekaa sawa kichwani. Koli ni haki ya kununua hisa kwa bei iliyokwisha kukubaliwa, siku iliyokwisha kukubaliwa. Puti ni haki ya kuuza hisa kwa bei iliyokwisha kukubaliwa. Bei hiyo ndiyo bei ya mkataba, hapa 4,200. Aliyenunua koli au puti ana haki tu, akitaka anaitumia, asipotaka anaiacha. Aliyeuza ndiye mwenye wajibu: mwenye haki akija, lazima atekeleze. Neno la nne ni arbitraji, yaani kupata pesa kwa kununua na kuuza vitu vinavyolingana lakini vyenye bei tofauti, bila kutoa mtaji wako na bila kubeba hatari ya bei kupanda au kushuka.

Kuhusu hatifungani ya kwenye swali, usiitafute mbali. Benki Kuu ya Tanzania inauza kwa mnada dhamana za serikali za muda mfupi, za siku 35, 91, 182 na 364. Hazina riba ya katikati. Unanunua kwa bei iliyo chini ya 100, na zikiiva unalipwa 100. Ile ya siku 364 ndiyo ndugu wa hatifungani ya kwenye swali letu. Koli na puti kwa wengi wetu ni za kwenye mtihani na kwenye masoko ya nje, kama lile la Chicago lililofunguliwa mwaka 1973 likiwa na koli peke yake. Puti ziliongezwa pale mwaka 1977.

Unahitaji pia karatasi, kalamu na kikokotoo cha kawaida. Kikokotoo cha kisayansi hakitakusaidia chochote hapa.

## Hatua 1: Kagua kama karatasi zako ni za familia moja

Soma swali ukitafuta mambo manne tu. Koli na puti ziwe za hisa moja. Bei ya mkataba iwe ileile. Siku ya ukomo iwe ileile, na hatifungani iive siku hiyohiyo. Mwisho, ziwe za Kiulaya, maana yake zinatumika siku ya mwisho tu, si kabla.

Likikosekana moja, usiendelee na hatua ya 2 kwanza. Watunga maswali wanapenda kuficha mtego hapa: koli ina bei ya mkataba 4,200 na puti 4,000, halafu mwanafunzi anazipanga pamoja kwa sababu zimeandikwa kwenye mstari mmoja. Hizo haziwezi kulinganishwa kwa njia hii hata kidogo.

Swali letu liko sawa kwenye yote manne.

## Hatua 2: Igeuze bei ya mkataba iwe pesa ya leo

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, na mimi nilianguka. Katika mtihani wangu wa kwanza wa somo hili nilichukua 4,200 nikaiweka kwenye hesabu kama ilivyo, nikapata faida nene ajabu, nikatoka ukumbini nikitabasamu. Niliambulia alama za kuandika jina.

Shilingi 4,200 italipwa mwakani. Bei za koli, puti na hisa ni za leo. Huwezi kuzijumlisha kabla hujaiuliza hatifungani: ili niwe na 4,200 mwakani, leo nahitaji kiasi gani?

Hatifungani moja italipa 100. Ili upate 4,200 unahitaji hatifungani 42. Kila moja ni 90, kwa hiyo 42 × 90 = 3,780. Hiyo ndiyo thamani ya leo ya bei ya mkataba.

Huna haja ya kutafuta kiwango cha riba. Nasisitiza hili kwa sababu wanafunzi wanaokimbilia riba ndio wanaokosea zaidi. Wanaona 100 kutoa 90 ni 10, wanaandika "riba ni asilimia 10", wanagawanya 4,200 kwa 1.10, wanapata 3,818. Si kweli. Ukitoa 90 ukarudishiwa 100, umepata 10 juu ya 90, na hiyo ni asilimia 11.1. Bei ya hatifungani imeshakufanyia kazi yote, wewe zidisha tu.

## Hatua 3: Panga vikapu viwili

Kikapu cha kwanza kina koli moja pamoja na hatifungani 42. Kikapu cha pili kina puti moja pamoja na hisa moja.

Kwa nini vikapu hivi na si vingine? Angalia kila kimoja kitakuwa na nini siku ya mwisho. Tuseme hisa imepanda hadi 5,000. Mwenye kikapu cha kwanza hatifungani zake zimeiva, ana 4,200 mkononi, anatumia koli kununua hisa. Sasa ana hisa ya 5,000. Mwenye kikapu cha pili hisa anayo tayari, puti anaitupa. Naye ana 5,000. Tuseme badala yake hisa imeporomoka hadi 3,000. Wa kwanza anaitupa koli, anabaki na 4,200 yake. Wa pili anatumia puti kuiuza hisa yake kwa 4,200. Wote wana 4,200.

Hisa ifike popote, vikapu viwili vinalipa sawasawa. Vitu vinavyolipa sawasawa lazima vigharimu sawasawa leo:

```
C + K × B/100 = P + S
```

C ni bei ya koli, P ya puti, S ya hisa, K ni bei ya mkataba, na B ni bei ya leo ya hatifungani inayolipa 100. Mwaka 1969 Hans Stoll alichapisha makala iliyoupima usawa huu kitaaluma, ingawa wafanyabiashara wa New York walikuwa wakiujua kwa vitendo tangu karne ya 19.

Aliyekulia Dodoma au Singida hahitaji maelezo marefu hapa. Mwenye mashine ya kukamua anajua gunia la alizeti ni mafuta na mashudu. Mafuta na mashudu yakiuzwa pamoja kwa pesa nyingi kuliko gunia na gharama ya kukamua, atanunua magunia mpaka usiku. Tofauti ni kwamba yeye anabeba hatari ya bei kubadilika wakati anakamua. Sisi hapa hatubebi.

## Hatua 4: Pima tofauti

Kikapu cha kwanza: 520 + 3,780 = 4,300.

Kikapu cha pili: 260 + 4,000 = 4,260.

Havilingani. Kikapu cha kwanza ni ghali kwa shilingi 40. Jibu la sehemu ya kwanza ya swali limepatikana: ndiyo, nafasi ipo.

Usiandike "koli ni ghali" ukaishia hapo. Hujui kama kosa liko kwenye koli, kwenye puti, kwenye hisa au kwenye hatifungani. Unachokijua ni kwamba vinne hivyo, vikiwekwa pamoja, havikubaliani. Inawezekana koli imeuzwa kwa bei ya haki na puti ndiyo iliyolala. Uzuri wa arbitraji ni kwamba haikudai umtaje mwenye kosa.

## Hatua 5: Uza kikapu cha ghali, nunua cha bei nafuu

Chukua kila kitu kilichomo kwenye kikapu cha ghali ukiuze. Chukua kila kitu kilichomo kwenye kikapu cha bei nafuu ukinunue. Vyote vinne lazima visogee. Nikiona jibu lenye vitu vitatu, najua bila kusoma kwamba kuna hatari imebaki wazi mahali fulani, mara nyingi ni hatifungani iliyosahauliwa.

| Kitendo leo | Pesa leo |
|---|---|
| Uza koli 1 | +520 |
| Uza hatifungani 42 | +3,780 |
| Nunua puti 1 | −260 |
| Nunua hisa 1 | −4,000 |
| Jumla | +40 |

Alama za jumlisha na kutoa zinawachanganya watu, kwa hiyo shika kanuni moja: ukiuza pesa inaingia, ukinunua pesa inatoka. Basi.

"Uza hatifungani" pia huleta swali: nitauzaje kitu nisichokuwa nacho? Kuuza hatifungani usiyo nayo ni kukopa. Leo unapokea 3,780, mwakani unalipa 4,200. Ukipenda andika "kopa 3,780", msahihishaji atakuelewa.

## Hatua 6: Jaribu siku ya mwisho

Jibu halijakamilika mpaka uonyeshe kwamba mwakani hudaiwi kitu. Chagua bei mbili za hisa, moja juu ya 4,200 na moja chini yake.

Hisa ikiwa 5,000. Uliyemuuzia koli atakuja. Unampa hisa yako, anakupa 4,200. Unachukua 4,200 hiyo unalipa deni la hatifungani. Puti yako haina thamani. Umebaki na sifuri.

Hisa ikiwa 3,000. Mwenye koli hatokei, kwa nini anunue kwa 4,200 kitu cha 3,000? Wewe unatumia puti yako, unaiuza hisa kwa 4,200, unalipa deni. Sifuri tena.

Zile shilingi 40 ulizipokea mwanzoni zinabaki kuwa zako. Hukutoa mtaji, na hukuhitaji kujua hisa itaelekea wapi.

Ukipata kitu kisicho sifuri katika mojawapo ya majaribio haya, kuna alama uliigeuza kwenye hatua ya 5. Rudi pale. Usianze upya swali zima.

## Njia nyingine ya kuliona jambo hilohilo

Angalia tena ulichoshika: hisa, puti uliyonunua, koli uliyouza. Hisa ikipanda unaitoa kwa 4,200. Ikishuka unaiuza kwa 4,200. Vitu vitatu vyenye mashaka vimekaa pamoja vikawa kitu kisicho na mashaka hata kidogo: karatasi itakayolipa 4,200 mwakani, basi. Umetengeneza hatifungani ya nyumbani.

Imekugharimu kiasi gani? 4,000 + 260 − 520 = 3,740. Hatifungani halisi za kukulipa 4,200 zinauzwa 3,780. Ya nyumbani ni nafuu kwa 40, ileile 40 tuliyoipata. Kwa lugha ya riba, ya serikali inakupa asilimia 11.1 na ya nyumbani inakupa asilimia 12.3, maana 4,200 ukiigawanya kwa 3,740 unapata 1.123.

Mimi naipenda njia hii kuliko vikapu, kwa sababu inaonyesha faida hii ni ya nani. Fikiria mtu ambaye benki inamkopesha kwa asilimia 15. Akiahidi kulipa 4,200 mwakani, leo atapewa kama 3,652 tu, si 3,780. Weka hiyo kwenye jedwali: 520 + 3,652 − 260 − 4,000 ni hasara ya 88. Nafasi iliyokuwa wazi kwa serikali imefungwa kwake. Mstari uko kwenye asilimia 12.3: anayekopa juu ya hapo asiguse. Lakini mtu mwenye akiba ambaye leo angekwenda kununua dhamana ya serikali anaweza kutengeneza ya nyumbani badala yake, akapata asilimia 12.3 mahali pa 11.1. Yeye hakopi, anachagua tu wapi pa kukopesha.

## Mshale ukigeuka

Badilisha kitu kimoja: koli iwe 450 badala ya 520. Kikapu cha kwanza sasa ni 450 + 3,780 = 4,230, cha pili ni 4,260 kilekile. Sasa cha pili ndicho ghali, kwa 30.

Kanuni haibadiliki. Unauza puti, unauza hisa, unanunua koli, unanunua hatifungani 42. Leo: 260 + 4,000 − 450 − 3,780 = +30. Mwakani hatifungani zinakupa 4,200. Hisa ikiwa juu, unatumia koli kununua hisa na kuirudisha. Ikiwa chini, uliyemuuzia puti anakuletea hisa kwa 4,200, nawe unairudisha.

"Kuirudisha" wapi? Kwa uliyeiazima. Kuuza hisa usiyo nayo ni kuiazima kwa mtu, kuiuza, na kuahidi kumrudishia. Kwenye karatasi ya mtihani ni sentensi moja. Sokoni inahitaji mtu wa kukuazima, na mara nyingi anadai ada. Ndiyo maana mshale wa upande huu hukaa wazi muda mrefu kuliko ule wa kwanza. Anayeweza kuuchukua kwa urahisi ni mtu mwenye hisa hizo tayari kabatini: anauza zake leo na kuzirudisha mwakani kwa 4,200, iwe kwa koli yake au kwa puti aliyoiuza.

## Mtego wa gawio

Huu ndio mtego ninaoupenda, kwa sababu unawapata hata waliosoma vizuri.

Swali limebadilika: koli ni 442, mengine yako vilevile, ila kuna sentensi imejibanza mwishoni: "Kampuni italipa gawio la shilingi 40 kwa kila hisa baada ya miezi sita. Hatifungani ya miezi sita inayolipa 100 inauzwa 95."

Aliyeiruka sentensi hiyo anahesabu 442 + 3,780 = 4,222 dhidi ya 4,260, anaona 38 ya bure, anaazima hisa na kuiuza. Baada ya miezi sita simu inalia. Aliyemwazima hisa anadai gawio lake la 40, na ni haki yake, kwa sababu angelipata kama asingeiazimisha. Ile 38, hata kama iliwekwa kwenye hatifungani ya miezi sita, imekua ikawa 40 kamili. Inaondoka yote. Hakukuwa na faida.

Dawa ni kutoa thamani ya leo ya gawio kwenye upande wa hisa. Gawio la 40 kwa bei ya 95 ni 0.95 × 40 = 38. Upande wa pili unakuwa 260 + 4,000 − 38 = 4,222. Vinalingana. Jibu sahihi ni "hakuna nafasi", na ni jibu kamili lenye alama zote. Wanafunzi wengi wanaamini swali haliwezi kuulizwa ikiwa jibu ni hapana.

Tumia hatifungani inayoiva siku ya gawio, si ile ya mwaka. Kila pesa ya baadaye ina bei ya siku yake.

## Koli na puti za Kimarekani

Za Kimarekani mwenye nazo anaweza kuzitumia siku yoyote kabla ya ukomo, na karatasi za hisa mojamoja kwenye masoko ya Marekani ni za aina hii. Hapo ule usawa unalegea, lakini haulegei sawa pande zote mbili, na sijaona wengi wakifundishwa kwa nini.

Chukua mshale wa kwanza, koli ikiwa 520. Uliiuza koli. Mwenye nayo akija mapema, unampa hisa na kupokea 4,200 kabla ya siku. Deni lako la hatifungani bado halijafika 4,200, kwa hiyo unalilipa kwa pesa pungufu na chenji inabaki. Na puti bado unayo. Kuwahi kwake kumekunufaisha. Faida ya 40 inabaki salama.

Sasa mshale wa pili, koli ikiwa 450. Uliuza puti. Hisa ikianguka vibaya mwezi ujao, mwenye puti anakuja kesho yake kudai 4,200. Hatifungani zako 42 bado ni changa, zina thamani inayokaribia 3,780 tu. Pengo ni lako. Kwa hiyo kwa karatasi za Kimarekani, 450 hiyo si arbitraji. Kwa hisa isiyotoa gawio, mipaka ni hii:

```
S − K ≤ C − P ≤ S − K × B/100
```

Kwa tarakimu zetu C − P inaruhusiwa kuwa popote kati ya −200 na 220. Koli ya 520 inatoa 260, imetoka nje. Koli ya 450 inatoa 190, imo ndani.

## Hesabu ikigoma

Nimepata faida kubwa mno, mamia ya shilingi. Karibu kila mara hukuigeuza bei ya mkataba kuwa pesa ya leo. 520 + 4,200 kutoa 4,260 ni 460. Ukiona tofauti iliyo karibu na 4,200 kutoa 3,780, yaani 420, hiyo ni alama ya kidole ya kosa hili.

Leo napata +40 lakini kwenye jaribio la 5,000 napata hasara. Umesahau kwamba hisa uliyoinunua ndiyo unayompa mwenye koli. Usiende sokoni kununua nyingine.

Swali linauliza faida mwishoni mwa mwaka, si leo. Gawanya kwa bei ya hatifungani: 40 ÷ 0.90 = 44.44. Kama swali halisemi, toa ya leo na uandike wazi kwamba ni ya leo.

Mkataba mmoja ni wa hisa 100. Zidisha kila kitu kwa 100, hatifungani pia: 4,200 badala ya 42. Faida inakuwa 4,000. Kosa la kawaida ni kuzidisha koli, puti na hisa, hatifungani ikabaki 42.

Swali limetoa bei mbili kwa kila karatasi. Ndogo ni ile utakayopewa ukiuza, kubwa ni ile utakayolipa ukinunua. Unachouza kitumie bei ndogo, unachonunua kitumie kubwa. Kama koli ni 505 na 520, puti 260 na 270, hisa 3,990 na 4,010, na hatifungani imebaki 90, mshale wa kwanza unatoa 505 + 3,780 − 270 − 4,010 = 5. Kutoka 40 hadi 5, kabla hujamlipa dalali.

Kuna ada ya dalali. Itoe mwishoni, baada ya kupata tofauti. Ada ya asilimia 1 kwenye hisa peke yake ni 40 kwa bei ya 4,000. Kwa swali letu la mwanzo, hapo unaandika kwamba bei hazikubaliani lakini hakuna faida ya kuchukua.